Spika Sita, Sauti Mbili: Filamu ya Mtandaoni Inapopoteza Chaneli Njiani

Amplifaya imewashwa, spika mbili zimetundikwa ukutani nyuma ya kochi, nyingine tatu zimepangwa mbele na sabufa iko pembeni ya kabati. DVD ikichezwa, helikopta inasikika ikitokea nyuma, inapita juu ya vichwa vya waliokaa na kwenda kupotelea mbele. Filamu ileile ikifunguliwa kwenye apu ya Netflix au Prime Video, helikopta haitoki kwenye TV. Spika za nyuma ziko kimya na ya katikati haisemi kitu. Mwenye nyumba huanza kukagua nyaya za spika, huzichomoa na kuzirudisha, na wengine hufikia hatua ya kupeleka amplifaya kwa fundi.

Fundi akiipima huikuta nzima, kwa sababu mara nyingi tatizo liko kwingine. Filamu ilipoondoka kwenye mtambo wa kampuni ilikuwa na chaneli sita, ile inayoandikwa 5.1: kushoto, kulia na katikati kwa mbele, mbili za nyuma, na moja ya besi kwa ajili ya sabufa. Mahali fulani kati ya apu na amplifaya, chaneli hizo sita zimegeuzwa kuwa mbili. Amplifaya imepokea mbili, ikacheza mbili. Kazi ni kutafuta mahali hapo, na kwa kawaida panapatikana bila kufungua skrubu hata moja.

Mashine zinavyoulizana

Kabla filamu haijaanza, vyombo vilivyounganishwa kwa kebo ya HDMI huulizana. Kijiti cha kutazamia filamu, kama Fire TV au kile cha Google, kikichomekwa kwenye TV husoma orodha fupi iliyohifadhiwa ndani ya TV. Orodha hiyo inaitwa EDID, nayo inaeleza TV inapokea picha za aina gani na sauti za aina gani. Ikiwa imetaja Dolby Digital na Dolby Digital Plus, kijiti kinajua kwamba sauti ya chaneli sita itapokelewa. Ikiwa imetaja PCM ya chaneli mbili peke yake, kijiti kinachukua kwamba hapo pana stereo tu.

Apu nayo hukiuliza kijiti, na ikijibiwa kwamba pana stereo huomba stereo kutoka mtandaoni tangu mwanzo. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea kwenye skrini. Filamu inaanza vizuri, maneno yanasikika, na chaneli nne hazikutumwa kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mwaka mzima na spika za nyuma zisizofanya kazi huku akidhani filamu za mtandaoni ndivyo zilivyo.

Mnyororo wenyewe ni mfupi: filamu, apu, kijiti au TV yenye apu zake, kebo, kisha amplifaya au spika ndefu ya chini ya TV. Pingu yoyote kati ya hizo ikisema “mbili”, zote zinazofuata hupata mbili. Hata amplifaya ya bei kubwa kiasi gani haiwezi kurudisha kilichokwisha kuachwa nyuma.

Kebo iliyozaliwa na CD

Ili kuelewa kwa nini TV hupenda kushuka hadi chaneli mbili, inafaa kuitazama ile tundu ndogo ya mraba nyuma ya TV iliyoandikwa OPTICAL. Ukiondoa kifuniko chake TV ikiwa imewashwa, utaona mwanga mwekundu ndani. Mwanga huo ndio unaobeba sauti. Kampuni ya Toshiba ilileta kebo ya namna hii mwaka 1983 kwa ajili ya mashine zake za kuchezea CD, na CD ina chaneli mbili. Njia ilipimwa kwa mzigo huo.

PCM ni sauti ya kidijitali ambayo haijabanwa. Chaneli mbili za PCM, kwa kiwango cha kawaida cha filamu, zinahitaji takriban megabiti 1.5 kwa sekunde. Chaneli sita zinahitaji mara tatu yake, yaani megabiti 4.6, na njia ya mwanga haikutengenezwa kuzipokea. Dolby Digital, iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, ilitatua jambo hilo kwa kubana. Chaneli zote sita zinabanwa pamoja hadi zisizidi kilobiti 640 kwa sekunde, zinapita kwenye kebo ileile, kisha amplifaya inazifungua upande wa pili.

Hapo ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanzia. TV ikiambiwa itoe PCM kupitia OPTICAL, yenyewe hufungua sauti iliyobanwa, kisha hujikuta na chaneli sita za wazi na njia inayobeba mbili. Huzichanganya zote kuwa mbili na kuzituma. TV ikiambiwa itoe Dolby Digital, huziacha sita zikiwa zimebanwa nazo hupita zote.

HDMI yenye alama ya ARC ilikuja mwaka 2009 kuchukua nafasi ya kebo ya mwanga, ikarithi sehemu ya mipaka yake. Nayo hubeba PCM ya chaneli mbili tu, au sauti iliyobanwa ya chaneli zaidi. Tofauti ni kwamba TV nyingi hupitisha pia Dolby Digital Plus kwenye ARC, na hiyo ndiyo aina ambayo Netflix, Prime Video na Disney+ huitumia kwa 5.1. Toleo la eARC, lililotangazwa pamoja na HDMI 2.1 mwaka 2017, ndilo lililofungua njia pana: linabeba hata PCM ya chaneli nane bila kubana chochote.

Kwa hiyo PCM yenyewe si adui. Kijiti kikichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la HDMI IN la amplifaya ya kisasa, PCM ya chaneli sita inapita salama. Apple TV hufanya hivyo kwa kawaida: hufungua sauti ndani yake na kutoa PCM ya chaneli nyingi. Tatizo huja PCM inapokutana na OPTICAL au ARC.

Maneno matatu kwenye menyu

Kwenye TV za Samsung, mahali pa kuangalia ni Settings, kisha Sound, kisha Expert Settings, ambako pana mstari ulioandikwa Digital Output Audio Format. LG huuita Digital Sound Output. Sony huandika Digital audio out. Majina mengine hutofautiana kidogo, lakini chaguo ni karibu yaleyale: PCM, Auto na Pass-through, na baadhi ya TV huongeza Dolby Digital.

PCM imeshaelezwa. Kwa mwenye spika mbili inatosha, na kwa mwenye spika sita kwenye OPTICAL au ARC ndiyo mchawi wa kwanza kushukiwa.

Auto inaipa TV ruhusa ya kuamua. TV hutazama chombo kilicho upande wa pili kinapokea nini, kisha hutuma kinachofaa, na ikibidi hubadilisha Dolby Digital Plus kuwa Dolby Digital ya kawaida ili amplifaya ya zamani iweze kuisoma. Kwa nyumba nyingi hapa ndipo pa kuanzia.

Pass-through inaiambia TV isiguse kitu: kilichoingia kitoke vilevile. Ni chaguo zuri pale amplifaya inapoweza kufungua kila aina ya sauti inayotumwa. Lakini kwa amplifaya ya zamani inayojua Dolby Digital peke yake, Pass-through inaweza kuleta ukimya mtupu au mikwaruzo, kwa kuwa imeletewa Dolby Digital Plus isiyoifahamu. Ukimya huo si dalili ya kuharibika. Ni habari nzuri kwa anayetafuta tatizo, maana unaonyesha kwamba sauti iliyobanwa imefika kweli na kilichobaki ni kuchagua Auto au Dolby Digital.

Sebule moja, hatua kwa hatua

Tuchukue sebule ya kawaida. TV ina miaka kadhaa, kijiti cha Google kimechomekwa kwenye HDMI 1, na amplifaya ya zamani yenye nembo ya Dolby Digital imeunganishwa na TV kwa kebo ya mwanga. Filamu iliyochaguliwa inajulikana kuwa na 5.1. Spika za mbele ndizo pekee zinazolia.

Kabla ya kugusa menyu yoyote, jicho liende kwenye kioo kidogo cha amplifaya. Amplifaya nyingi zina kitufe kwenye rimoti kilichoandikwa INFO au STATUS, kinachoonyesha sauti inayoingia ni ya aina gani. Kwenye sebule hii kinaonyesha PCM 48kHz. Hilo pekee linatosha kujua kwamba amplifaya haijapokea Dolby ya aina yoyote, na kwamba nyaya za spika hazihusiki.

Kisha filamu isimamishwe na orodha ya sauti ifunguliwe ndani ya apu. Kwa Netflix, sauti ya Kiingereza yenye chaneli sita huandikwa English [Original] 5.1. Hapa imeandikwa English [Original] peke yake. Apu imeshaambiwa kwamba hapo pana stereo.

Hatua ya kwanza ni TV. Digital Output ilikuwa PCM, ikabadilishwa kuwa Dolby Digital. Kioo cha amplifaya kinabadilika mara moja na taa ya Dolby Digital inawaka. Wengi huishia hapa kwa furaha, ilhali spika za nyuma bado ziko kimya. Kitufe cha INFO kikibonyezwa tena, kioo kinaonyesha 2/0. Tarakimu hizo zinasoma hivi: ya kwanza ni idadi ya chaneli za mbele, ya pili ni za nyuma. Kwa hiyo 2/0 ni stereo iliyovishwa Dolby. TV imechukua chaneli mbili ilizopewa na kijiti ikazibana, lakini haikuwa na nyingine za kuongeza.

Hatua ya pili ni kijiti. Ndani ya Settings, kwenye Display & Sound, pana mipangilio ya sauti yenye kuchagua aina zinazoruhusiwa. Hapa ilikutwa imewekwa None, maana yake sauti ya kuzunguka isitumwe kamwe. Huenda mtu aliiweka hivyo siku moja alipokosa sauti kabisa, ikatatua ukimya na kuleta stereo ya kudumu. Ikirudishwa kwenye Auto, kijiti kinasoma tena orodha ya TV. Kwenye Fire TV chaguo la namna hiyo liko chini ya Display & Sounds, kisha Audio, na linaloshauriwa kujaribiwa kwanza ni Best Available.

Hatua ya tatu husahaulika: apu ifungwe kabisa na kijiti kiwashwe upya, kwa sababu apu iliyokwisha kuulizia sauti mwanzoni inaweza isiulize tena. Filamu ikifunguliwa sasa, orodha inaonyesha 5.1, na kioo cha amplifaya kinasoma 3/2/.1, yaani tatu mbele, mbili nyuma na moja ya besi. Helikopta inatokea nyuma.

Kama baada ya yote hayo 2/0 ingebaki, jaribio moja lingetenganisha mambo: kufungua filamu ileile kwenye apu iliyomo ndani ya TV yenyewe. TV nyingi za zamani hutoa chaneli sita kwa sauti inayotoka ndani yake, lakini kwa kinachoingia kupitia HDMI hutoa stereo tu kwenye tundu la OPTICAL. Apu ya TV ikileta 3/2/.1 na kijiti kikabaki 2/0, basi mpaka ni wa TV na hakuna menyu itakayouondoa. Dawa ni kutumia apu ya ndani ya TV, au, kama amplifaya ina HDMI IN, kuchomeka kijiti huko na kuiachia TV kazi ya picha.

Spika zinazolia zisizo na ushahidi

Si kila spika ya nyuma inayolia inathibitisha 5.1. Amplifaya nyingi zina mtindo wa kutawanya stereo kwenye spika zote. Dolby Pro Logic II, iliyotoka mwaka 2000, hufanya hivyo kwa ustadi, na mtindo uitwao All Channel Stereo hurudia sauti ileile kila mahali. Mtu akisikia muziki nyuma yake hudhani amepata sauti kamili, kumbe ni chaneli mbili zilizosambazwa. Katika filamu yenye 5.1 ya kweli, mazungumzo hukaa zaidi kwenye spika ya katikati, na za nyuma hunyamaza kwa dakika kadhaa kisha huamka mvua inaponyesha au gari linapopita. Spika ya nyuma inayorudia maneno ya mwigizaji muda wote inacheza sauti iliyotawanywa.

Video za majaribio za YouTube nazo zimewapoteza wengi. Sauti inatangaza “nyuma kushoto”, lakini video nyingi za aina hiyo hufika zikiwa stereo, kwa hiyo tangazo linatokea mbele kushoto na mtu anaanza kulaumu amplifaya. Jaribio la kuaminika zaidi ni filamu iliyoandikwa 5.1 ndani ya apu, pamoja na kile kinachosomwa kwenye kioo. Spika zenyewe zina jaribio lao: kitufe cha TEST TONE kwenye rimoti ya amplifaya hutuma mvumo kwa kila spika kwa zamu bila kuhusisha TV wala apu.

Pasipo menyu ya kusaidia

Kuna hali ambazo chanzo chenyewe hakina chaneli sita. Filamu nyingi za zamani zipo katika stereo tu, na sauti iliyotafsiriwa kwa lugha nyingine inaweza kuwa stereo ingawa ya asili ina 5.1.

Wanaotumia bando kwa uangalifu wana mtego wao. Kwenye akaunti ya Netflix, chini ya Playback settings, kila wasifu una kiwango cha matumizi ya data. Low hutumia hadi GB 0.3 kwa saa, jambo linalovutia pale intaneti inaponunuliwa kwa vipimo. Lakini Netflix huhitaji kiwango kiwe Medium, High au Auto ili 5.1 ipatikane. Mtu anaweza kupanga TV, kijiti na amplifaya sawasawa, kisha akakwama kwa sababu ya mstari mmoja alioubadilisha kwenye simu miezi iliyopita. Dolby Atmos, inayoongeza sauti za juu ya kichwa, ina sharti lingine: Netflix huitoa kwenye mpango wa Premium.

Kikomo kigumu zaidi kiko kwenye seti nyingi za sabufa zinazouzwa madukani zikiwa na spika tatu au tano na sehemu ya kuchomeka waya mwekundu na mweupe, au Bluetooth. Waya hizo mbili hubeba kushoto na kulia, basi. Bluetooth ya kawaida nayo hubeba stereo. Seti isiyo na OPTICAL wala HDMI, wala nembo ya Dolby Digital, haina njia ya kupokea 5.1 kutoka kwenye apu, hata kama boksi lake limeandikwa 5.1 kwa herufi kubwa. Kwa anayekwenda kununua, kugeuza amplifaya na kusoma matundu ya nyuma kunaeleza mengi kuliko boksi.

Umeme ukirudi

Nyumba iliyokwisha kupata 3/2/.1 inaweza kuamka siku moja na stereo bila mtu kugusa kitu, na sababu ya kawaida ni mpangilio wa kuwaka. Umeme ukikatika na kurudi, vyombo vyote huwaka kwa pamoja. Kijiti kilichochomekwa kwenye amplifaya kinaweza kuuliza kabla amplifaya haijawa tayari, kikajibiwa na orodha ya TV peke yake, kikabaki na stereo hadi kizimwe tena. Ni vyema kuwasha amplifaya kwanza, kisha TV, na kijiti mwisho. Masasisho ya programu ya TV nayo yanaweza kurudisha Digital Output kwenye chaguo la kiwandani. Picha ya simu ya kurasa mbili za menyu, ile ya TV na ile ya kijiti, zikiwa zimepangwa sawasawa, inampa mwenye nyumba kitu cha kulinganisha badala ya kuanza upya.